Ngalawa Isimezwe na Mtindo: Mpangilio na Uzito wa Maneno katika Maelekezo ya Picha

Maelekezo ya picha ni maandishi mafupi ambayo mtu huiandikia programu ya akili unde ili imchoree picha. Ndani yake huwamo maneno ya aina mbili. Aina ya kwanza hutaja kitu kinachotakiwa kuonekana, yaani kiini cha picha: mtu fulani, mnyama, chombo, jengo. Aina ya pili hutaja namna kitu hicho kitakavyochorwa: rangi ya mafuta au kalamu ya risasi, mwanga wa machweo, ukungu, jina la mchoraji. Aina hizi mbili hugombania nafasi ileile, na zikiachwa bila mpango maneno ya mtindo ndiyo hushinda mara nyingi. Picha hutoka nzuri kwa rangi na mwanga, lakini kile kilichoagizwa kimekwisha kugeuka kuwa kitu kingine kinachofanana nacho kwa mbali.

Ngalawa ni mfano unaofaa kulieleza jambo hili, kwa sababu utambulisho wake unategemea viungo vichache ambavyo vikikosekana ngalawa haipo tena. Ni mtumbwi mwembamba uliochongwa kwenye gogo moja, wenye mirengu miwili iliyolazwa juu yake kwa kukingama, na kila upande ndubi moja inayogusa maji ili chombo kisipinduke. Una mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu. Ukiondoa ndubi unabaki na mtumbwi wa kawaida. Ukiongeza sitaha na tanga la pili umekwisha kuunda chombo kingine. Mvuvi wa Bagamoyo au Kizimkazi hutambua tofauti hizo kwa kutupa jicho mara moja, hata chombo kikiwa mbali.

Sasa achukuliwe mtu anayetaka mchoro wa ngalawa wakati wa machweo, kwa mtindo wa wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19. Anatumia Stable Diffusion, modeli iliyotolewa kwa umma mwezi Agosti 2022, ambayo huweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Maelekezo yake ya kwanza ni ya Kiingereza, kwa kuwa modeli hiyo ilifunzwa hasa kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza:

```
masterpiece, oil painting, impressionist, by Claude Monet, golden sunset, misty, cinematic lighting, fishing boat
```

Kinachotarajiwa kutoka kwa maelekezo ya namna hii ni bandari yenye ukungu, jua jekundu linaloakisi majini, na mashua za Ulaya zenye matanga meupe. Modeli haikukosea kusoma. Maneno sita au saba yalisukuma upande mmoja, na maneno mawili tu, tena ya jumla sana, yakabaki mwishoni kukitetea kiini.

Kuelewa kwa nini mtindo una nguvu hivyo kunahitaji kutazama jinsi picha inavyopatikana. Modeli huanza na chenga tupu, kama zile za televisheni isiyoshika mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua, kwa kawaida hatua 20 hadi 50, mpaka picha itokee. Kazi hiyo haifanywi kwenye picha yenyewe, hufanywa kwenye muhtasari wake. Kwa picha ya nukta 512 kwa 512, muhtasari huo ni gridi ya 64 kwa 64, yaani sehemu 4,096. Katika kila hatua, kila sehemu ya gridi hiyo huyatazama maneno yote ya maelekezo na kugawa umakini wake kati yake. Mgao huo ni kama mkate mmoja: jumla yake haizidi kizima, hivyo neno moja likipata kipande kikubwa mengine hupata kidogo.

Hapo ndipo mtindo unapopata faida yake. Neno linalotaja mtumbwi lina la kusema katika sehemu zile tu ambapo mtumbwi upo, labda moja ya tano ya picha. Neno linalotaja rangi ya mafuta lina la kusema kila mahali: angani, majini, kwenye tanga, hata kwenye mchanga. Faida ya pili hutokana na mafunzo. Modeli hizi zilijifunza kwa mamilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Maneno “mashua ya uvuvi” yaliandamana na vyombo vya kila namna, kutoka meli za chuma za Norway hadi mitumbwi ya Ghana, kwa hiyo maana yake ndani ya modeli imetawanyika. Jina la Monet liliandamana na picha zinazofanana sana, hivyo mvuto wake ni mkali na umeelekea mahali pamoja.

Tena jina la mchoraji haliji na mtindo mtupu. Monet alichora maua ya majini ya Giverny, mashua za Argenteuil na bandari ya Le Havre, na jina lake hubeba vitu hivyo vyote. Anayeliandika ameagiza mapigo ya brashi, lakini bila kukusudia ameagiza pia aina ya mashua. Ndivyo ilivyo kwa kila mtindo uliofungamana na vitu maalumu. Michoro ya Tingatinga, iliyoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972, imejaa twiga, ndege na chui. Modeli iliyojifunza jina hilo kwa kuiona michoro hiyo itaelekea kuwaleta wanyama hata pale ilipoagizwa kuchora baiskeli.

Dawa ya kwanza ni mpangilio. Stable Diffusion ya toleo la 1 husomewa maelekezo na programu nyingine inayoitwa CLIP, iliyotengenezwa na OpenAI mwaka 2021. CLIP huyakata maandishi vipande vipande, kila kipande kikiitwa tokeni. Neno la kawaida la Kiingereza huwa tokeni moja, na neno isilolijua huvunjwa. Nafasi zote ni tokeni 77, lakini mbili ni alama za mwanzo na mwisho, hivyo 75 tu ndizo za mwandishi. Kila tokeni hugeuzwa kuwa safu ya namba 768, na safu hizo ndizo zinazotazamwa na zile sehemu 4,096 za picha.

Jambo la msingi kwa mpangilio ni kwamba CLIP husoma kwa kuangalia nyuma tu. Tokeni ya tano huziona nne zilizoitangulia, lakini haizioni zinazofuata. Mtu anayesikiliza sentensi neno kwa neno hufanya vivyo hivyo: analolisikia sasa hulielewa kwa nuru ya aliyokwisha kuyasikia. Kwa hiyo, katika maelekezo ya juu, maneno “fishing boat” yalifikiwa baada ya rangi ya mafuta, Monet, machweo na ukungu. Namba zake zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na hayo yote. Ndani ya modeli, hiyo haikuwa mashua ya uvuvi, ilikuwa mashua ya Monet. Kiini kikitangulia, namba zake hubaki safi, na maneno ya mtindo yanayofuata ndiyo huchukua rangi ya kiini: mtindo huwa mtindo wa kuchorea mtumbwi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mazoea yanayomsaidia hapa. Kiswahili hutaja nomino kwanza, kisha sifa zake: ngalawa ya mbao yenye tanga moja. Kiingereza hupenda kurundika sifa mbele ya nomino, na anayeandika maelekezo kwa lugha hiyo huvutwa kuanza na mtindo. Anayefikiri kwa mpangilio wa Kiswahili, akaanza na chombo na kuunganisha sifa zake kwa `with`, huwa amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Kabla ya kupanga, hata hivyo, ni lazima kiini kiwe kimeelezwa kwa maneno ambayo modeli inayajua. Kuandika `ngalawa` hakusaidii sana, kwa sababu CLIP hulivunja neno hilo vipande ambavyo kila kimoja hakina maana. Kuandika `fishing boat` nako ni kuiachia modeli ichague chombo. Kinachofaa ni kutaja viungo vinavyoifanya ngalawa iwe ngalawa, kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, kimoja baada ya kingine:

```
wooden outrigger canoe with one triangular sail, two outrigger floats, shallow turquoise lagoon, golden sunset, impressionist oil painting by Claude Monet
```

Maneno matatu yamefutwa: `masterpiece`, `cinematic lighting` na `misty`. Mawili ya kwanza huandikwa na wengi kwa mazoea, kwa imani kwamba huongeza ubora. Ukweli ni kwamba nayo ni maneno ya mtindo. Yana sura yao yaliyojifunzwa nayo, na kila moja hula kipande cha ule mkate. Ukungu umeondolewa kwa sababu nyingine: hufuta mistari myembamba, na mirengu ya ngalawa ni mistari myembamba. Neno la mtindo linaloharibu kiungo cha utambulisho ni bora liondolewe mapema kuliko kupambana nalo baadaye.

Nguvu ya mpangilio isitiwe chumvi. Ni msukumo wa wastani, na katika picha nyingine tofauti haionekani kabisa. Kuna hali moja tu ambapo mpangilio huamua kila kitu, nayo ni pale maelekezo yanapozidi tokeni 75. Baadhi ya programu hukata kilichozidi na kukitupa, na aliyeweka kiini mwishoni hupata picha ambayo kiini hakikusomwa kabisa. Nyingine, kama ile iitwayo Automatic1111, hugawa maandishi katika mafungu ya tokeni 75 na kusoma kila fungu peke yake kabla ya kuyaunganisha. Hapo fungu la pili halijui lolote kuhusu la kwanza, na kama limejaa mtindo mtupu, ni mtindo usio na kiini. Katika programu hiyo kihesabu kidogo kwenye kona ya kisanduku cha maandishi huonyesha tokeni zilizotumika, kwa mfano `38/75`. Ikilazimu kuvuka 75, kiini hurudiwa kwa ufupi mwanzoni mwa fungu la pili. Lakini njia iliyo bora ni kupunguza maneno, na mara nyingi yanayofaa kupunguzwa ni ya mtindo.

Dawa ya pili ni uzito. Programu nyingi zinazoendesha Stable Diffusion humruhusu mwandishi kuzidisha nguvu ya neno kwa namba. Katika Automatic1111, neno likiwekwa ndani ya mabano ya duara huzidishwa kwa 1.1. Mabano mawili huzidisha kwa 1.1 mara mbili, yaani 1.21, na matatu hufikia 1.331. Mabano ya mraba hupunguza kwa kugawanya kwa 1.1. Njia iliyo wazi zaidi ni kuandika namba yenyewe baada ya nukta mbili:

```
(wooden outrigger canoe:1.3) with one triangular sail, (two outrigger floats:1.2), shallow turquoise lagoon, golden sunset, impressionist oil painting, (by Claude Monet:0.7)
```

Hapa mtumbwi umepewa 1.3, ndubi 1.2, na jina la mchoraji limeshushwa hadi 0.7. Maneno yasiyo na mabano yana uzito wa 1. Inafaa kuangalia ni kipi kilichoongezwa na kipi kilichoachwa. Maji na machweo hayakuguswa, kwa sababu hayagombani na ngalawa. Rangi ya mafuta haikuguswa pia, kwa kuwa hiyo ni namna ya kuchora tu, haina mashua yake. Kilichoshushwa ni kile kimoja kinacholeta mashua ya kigeni.

Kinachotokea ndani ni hesabu rahisi. Zile namba 768 za tokeni husika huzidishwa kwa uzito uliotolewa. Kisha Automatic1111, kwa kawaida yake, hurekebisha namba zote za maelekezo ili wastani wake urudi ulipokuwa. Kwa sababu hiyo uzito ni jambo la uwiano. Anayeipa kila kauli 1.3 habadilishi chochote katika mashindano kati ya kauli hizo: wote wamepanda ngazi ileile. Programu nyingine, kama ComfyUI, hukokotoa kwa njia tofauti, na hairudishi wastani. Ndiyo maana 1.3 ya hapa huwa kali kuliko 1.3 ya pale, na maelekezo yaliyohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine huhitaji kupimwa upya.

Mpaka wa uzito huja upesi. Kati ya 1.1 na 1.3 mabadiliko huwa ya kawaida. Karibu na 1.5 dalili za kuzidisha huanza kuonekana, na zina sura yake. Rangi hukolea kama picha iliyounguzwa, hasa kwenye kingo za kitu kilichozidishwa. Kitu hujirudia: badala ya ngalawa moja zinatoka tatu, au ndubi inaota katikati ya chombo. Mtindo nao huvunjika, ngalawa ikaonekana kama kipande cha fotografia kilichobandikwa juu ya mchoro. Haya yakionekana, uzito umepita kiasi, na kuongeza zaidi kutaharibu tu. Namba hizo zimezidishwa hadi mahali ambapo modeli haikuwahi kufunzwa.

Kwa sababu hiyo, mwenye uzoefu hushusha kabla ya kupandisha. Kupunguza jina la Monet kutoka 1 hadi 0.7 huipa ngalawa nafasi bila kuiunguza. Kama bado haitoshi, ndipo kiini hupandishwa kwa hatua ndogo ya 0.1. Wengi hufanya kinyume: hupandisha kiini hadi 1.4, wakaona mtindo umefifia, wakapandisha mtindo nao, kisha wakarudi kwenye kiini. Baada ya mizunguko mitatu uwiano ni uleule wa mwanzo, na picha imeungua.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kukimbilia `CFG Scale`. Kipimo hiki, ambacho kwa kawaida huwekwa 7, huamua modeli itii maelekezo kwa kiasi gani. Lakini huyatii maelekezo yote kwa pamoja. Kama ndani yake Monet ana nguvu kuliko mtumbwi, kuipandisha `CFG Scale` hadi 12 kutaleta Monet zaidi. Kipimo hicho hakijui kipi ni kiini.

Njia ya tatu ni tofauti na hizo mbili, na kwa ngalawa huenda ndiyo yenye manufaa zaidi. Katika hatua za mwanzo za kusafisha chenga, modeli huamua mambo makubwa: wapi kuna upeo wa maji, wapi kuna chombo, umbo lake la jumla. Hatua za baadaye hutengeneza ngozi ya picha, yaani mapigo ya brashi, mikwaruzo ya mbao, mng'ao wa maji. Kiini huamuliwa mapema na mtindo huamuliwa baadaye. Basi jina la mchoraji laweza kuzuiwa lisiingie mpaka umbo la chombo limekwisha kusimama. Automatic1111 huandika agizo hilo kwa mabano ya mraba:

```
(wooden outrigger canoe:1.2) with one triangular sail, two outrigger floats, shallow turquoise lagoon, golden sunset, [oil painting:impressionist oil painting by Claude Monet:0.4]
```

Maana yake ni kwamba sehemu ya kwanza ya mabano, `oil painting`, itumike mpaka asilimia 40 ya hatua, kisha nafasi yake ichukuliwe na sehemu ya pili. Kama hatua ni 20, mabadiliko hutokea baada ya hatua ya nane. Kufikia hapo mirengu na ndubi zimekwisha kupata mahali pake, na Monet anapoingia hukuta chombo ambacho hawezi tena kukibadilisha kuwa mashua ya Argenteuil. Anaweza kukipaka rangi tu. Ndiyo maana uzito wa mtumbwi umeweza kurudishwa hadi 1.2. Mtindo ukiingizwa mapema sana, kama 0.1, hakuna tofauti na kuuandika tangu mwanzo. Ukicheleweshwa hadi 0.8, unabaki kama vumbi juu ya picha. Kati ya 0.3 na 0.5 ndiko kunakofaa kuanza kujaribu.

Kujua kama mabadiliko yamesaidia kunataka nidhamu. Picha huanza na chenga za bahati, na chenga zikibadilika picha nzima hubadilika, hata kama hakuna neno lililoguswa. Namba inayotawala chenga hizo huitwa mbegu, na kwenye skrini huandikwa `Seed`. Ikiachwa kwenye `-1`, kila picha hupata mbegu yake, na mtu huweza kuusifia uzito kwa kazi iliyofanywa na bahati. Anayepima huishika mbegu moja, hatua zilezile na `CFG Scale` ileile, halafu hubadilisha jambo moja tu. Kisha hurudia jaribio hilohilo kwa mbegu nne au zaidi, kwa sababu mbegu moja huweza kuwa na upendeleo wa kuleta ngalawa au wa kuikataa.

Kwa ngalawa, jaribio linalotosha ni jedwali dogo. Safu zake ni mbegu nne, na mistari yake ni maelekezo manne yaliyotajwa: yale ya mwanzo, yaliyopangwa upya, yaliyopewa uzito, na yaliyochelewesha mtindo. Zinatoka picha 16. Katika kila picha huulizwa maswali machache ya ndiyo na hapana: Je, kuna ndubi? Ziko pande zote mbili? Tanga ni moja, na ni la pembe tatu? Je, kweli inaonekana kuwa mchoro wa rangi ya mafuta? Swali la mwisho ni muhimu kama yale ya kwanza, kwani lengo si kuufukuza mtindo. Picha yenye ngalawa kamili isiyo na hata pigo moja la brashi nayo imekosea agizo. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kumwonyesha picha mtu wa pwani bila kumweleza chochote, kisha kumuuliza hiki ni chombo gani. Akijibu “ngalawa” bila kusita, utambulisho umeshinda. Akisema “mashua” au “boti tu”, bado.

Kuna mambo ambayo hakuna mpangilio wala uzito utakaoyatatua, na ni vizuri kuyatambua mapema ili muda usipotee. Stable Diffusion ya toleo la 1 huhesabu vibaya. Maneno `two outrigger floats` huweza kuleta moja au tatu, na kuyapa uzito wa 1.4 hakuifundishi kuhesabu. Kinachoongezeka ni ndubi, hata zikafika nne. Sifa nazo huvuja kutoka kitu kimoja hadi kingine. Rangi ya feruzi iliyokusudiwa kwa maji, ikizidishwa uzito, hupanda kwenye tanga, kwa kuwa ile safu ya namba haifungi sifa kwa mwenye nayo. Tena kama modeli haikuona picha za kutosha za chombo hiki wakati wa mafunzo, uzito hauna cha kukuza. Dalili yake ni hii: ngalawa haitoki vizuri hata maneno yote ya mtindo yakifutwa. Jaribio la kufuta mtindo wote linapaswa kufanywa mwanzo kabisa, kabla ya kugusa namba yoyote, kwa sababu huonyesha kama tatizo ni mashindano ya maneno au ni ujinga wa modeli.

Tatizo likiwa ni ujinga wa modeli, msaada hutafutwa nje ya maelekezo. Mchoro wa mistari wa ngalawa, hata uliochorwa kwa mkono, huweza kuongoza umbo kupitia ControlNet, nyongeza iliyotolewa mwaka 2023. Au modeli hufunzwa zaidi kwa fotografia chache za ngalawa za kweli kwa njia iitwayo LoRA, ambayo huzaa faili dogo la kuambatisha. Katika hali zote mbili kiini huwa kimelindwa na kitu kingine zaidi ya maneno, na mtindo unaweza kuachwa na nguvu yake kamili.

Programu nyingine zina sheria zake. Midjourney, katika baadhi ya matoleo yake, hutumia nukta mbili mbilimbili kutenganisha mafungu ya maelekezo na kuyapa uzito, kwa mfano `outrigger canoe::2 impressionist oil painting::1`, na ina kipimo cha `--stylize` kinachoanzia 0 hadi 1000, kawaida yake ikiwa 100. Kipimo hicho hutawala ladha ya kisanii ya programu yenyewe, hivyo kukishusha huipa nafasi kiini kwa njia ambayo maneno hayawezi. Modeli za karibuni zaidi, kama Stable Diffusion 3 na FLUX.1 za mwaka 2024, zimeongezewa msomaji mwingine aitwaye T5, ambaye huitazama sentensi nzima mbele na nyuma. Kwake mabano ya uzito hayana nguvu ileile. Kinachofanya kazi ni sentensi kamili inayoeleza chombo kwa utulivu: mtumbwi wa mbao, ndubi ziko wapi, tanga limefungwa vipi, na mwishoni sentensi moja fupi kuhusu mtindo. Katika sentensi hizo uwiano wa kiini na mtindo hutokana na urefu wa maelezo ya kila kimoja. Anayetaka ngalawa ishinde huiandikia mistari mitatu, na mtindo mmoja.